Mgongo wa Picha: Uandishi wa Maelezo ya Picha za Zamani Mkoani Singida kama Kazi ya Kihistoria

Picha ya zamani ina pande mbili, na mwanahistoria aliyezoea nyaraka za maandishi huanza na upande wa nyuma. Upande wa mbele humwonyesha mtu aliyesimama, nguo alizovaa, nyumba iliyo nyuma yake na kivuli cha mchana. Haumwambii mtazamaji mtu huyo ni nani. Jina, mahali, tarehe na sababu ya watu kukusanyika hutoka nje ya picha, kwa mtu anayekumbuka. Mtu huyo akifariki kabla hajaulizwa, picha hubaki na sura zote lakini hupoteza habari zake. Makala haya yanajadili namna habari hizo zinavyopatikana, zinavyopimwa na zinavyoandikwa, kwa kutumia picha za Mkoa wa Singida, eneo la Wanyaturu, Wanyiramba, Waihanzu na, upande wa Manyoni, Wagogo. Hoja ya makala ni kwamba maelezo ya picha ni hati ya kihistoria kamili, yenye mwandishi wake, tarehe yake na makosa yake, na kwamba yanapaswa kuandikwa na kusomwa hivyo.

Picha zenye kabila na zisizo na majina

Picha za mwanzo za eneo hili zilipigwa na wageni. Maofisa, wamisionari na wanajiografia wa Kijerumani walipita Kilimatinde na Mkalama, ambako boma lao lilijengwa, wakapiga picha na kuzipeleka Ulaya. Eberhard von Sick alichapisha mwaka 1916, katika jarida la Baessler-Archiv, utafiti juu ya watu aliowaita kwa majina mawili kwa pamoja, Waniaturu na Walimi. Mwanajiografia Erich Obst alikuwa amechapisha mwaka 1912 habari za safari yake kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inatunza mkusanyiko mkubwa wa picha za lililokuwa Shirika la Kikoloni la Ujerumani, na nyingine nyingi zimo katika hifadhi za misheni na za serikali. Leo sehemu kubwa ya picha hizo inatazamwa kwa simu kutoka Singida kwenyewe.

Mtafiti anayezitafuta hukwama kwanza kwenye tahajia. Aliyeandika maelezo alisikia kwa sikio la Kijerumani na akaandika kwa herufi za lugha yake. Ihanzu, au Isanzu, ikawa “Issansu”. Usandawe ikawa “Ussandaui”. Herufi j ilisimama mahali pa y, na s mbili zilisimama mahali pa s moja ya Kiswahili. Zaidi ya tahajia kuna suala la majina yenyewe. Wakindiga wa Obst ndio Wahadza wa leo, hivyo anayetafuta kwa neno “Hadza” peke yake hazioni picha hizo. “Walimi” nalo si neno la wakulima, kama msomaji wa Kiswahili anavyoweza kudhani. Ni jina ambalo Wanyaturu hujiita wenyewe, Arimi au Warimi, lililobadilishwa r kuwa l. Anayeandika maelezo mapya ya picha kama hizo afanye mambo mawili kwa pamoja: aache tahajia ya zamani kama ilivyo ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu ndiyo ufunguo wa kuipata picha katika hifadhi, kisha aandike jina linalotumika leo.

Kasoro kubwa zaidi haiponi kwa kusahihisha tahajia. Maelezo ya aina hiyo kwa kawaida humtaja mtu kwa kabila, jinsia na kifaa alichoshika. Mpiga picha alitaka mfano wa kundi, na kwa mfano wa kundi jina halikuhitajika. Hata kabila lenyewe lilitajwa kwa ujumla mno. Wanyaturu wana sehemu zao, yaani Wahi, Wilwana na Anying'anyi, na kila sehemu ina maeneo na koo zake. Neno “Mnyaturu” chini ya picha ya mtu linafanana na kuandika “Mtanzania” chini ya picha ya babu. Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilipotoa maelfu ya picha zake kwa matumizi ya umma mwaka 2008, iliyaacha maelezo ya awali pamoja na onyo kwamba yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au maneno yaliyopitwa na wakati. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi. Maelezo mabaya yakifutwa, hufutika pia ushahidi wa jinsi mpiga picha alivyowaona watu aliowapiga.

Pengo la jina lina hatari nyingine, inayotoka kwetu wenyewe. Mtu akiona picha isiyo na jina hutamani kuipa jina kubwa. Wanyaturu wanamkumbuka Liti, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye masimulizi yanasema aliwatumia nyuki kuwapiga askari, na ambaye jina lake sasa limepewa uwanja wa mpira wa mjini Singida. Picha yoyote ya mwanamke wa Unyaturu ya enzi hiyo, hasa mwenye uso mkali na mapambo mengi, inaweza kuanza kusambaa ikiwa na jina la Liti chini yake. Inatosha mtu mmoja kuandika hivyo. Wa pili atanakili, na wa tatu atamtaja wa pili kuwa chanzo. Anayetaka kuandika jina hilo lazima aonyeshe mnyororo: picha ilitoka mkononi mwa nani, iliandikwa nini ilipopigwa, na ni nani wa kwanza kumtambua mtu huyo, lini na kwa dalili gani. Mnyororo ukikosekana, maelezo ya haki ni “mwanamke asiyetambuliwa, Unyaturu”. Jina la uongo humwonea Liti, na humwonea pia mwanamke wa kwenye picha, ambaye alikuwa na jina lake.

Nafasi ya mtu ndani ya picha nayo hudanganya. Kwa Waihanzu utawala uliohusika na mvua ulishikwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wote wa ukoo wa Anyampanda. Wakoloni walimtambua na kumlipa mshahara yule wa kiume, kwa kuwa ndiye aliyefanana na chifu waliyemtarajia. Kwa hiyo picha ya enzi hizo ya mtawala wa Ihanzu akiwa amesimama na mwanamke pembeni ni mtego. Mwandishi asiyejua atamaliza kwa maneno “chifu na mkewe”, na kwa maneno hayo machache atamfanya mtawala kuwa mke wa mtu. Ukoo wa kitawala wa Ihanzu hufuata upande wa mama, na wale wawili walikuwa ndugu wa ukoo mmoja. Uhusiano wa watu wawili waliosimama pamoja usiandikwe kwa kukisia kutokana na jinsi walivyosimama.

Picha moja na tarakimu mbili

Sasa tutazame picha ya nyumbani, kwa sababu huko ndiko kazi kubwa iliko. Mfano ufuatao haukutolewa katika familia moja. Umeunganishwa kwa makusudi kutokana na sifa za picha za aina inayopatikana katika nyumba nyingi za Singida, ili pasitajwe mtu wa kweli, na ili hatua zote za upimaji zionekane mahali pamoja.

Picha ni nyeusi na nyeupe, ya mraba, yenye ukingo mweupe uliokatwa kwa mawimbi. Nyuma kuna chapa hafifu ya karatasi, neno Velox, na juu yake maandishi ya penseli: “Mtinko, siku ya baraza, 58”. Mbele wamesimama watu saba mbele ya tembe. Wanaume wawili wamevaa kanzu, mmoja amevaa suti ya mikono mifupi, wanawake watatu wamevaa kanga, na msichana amembeba mtoto mgongoni, ingawa kwa haraka mtu huhesabu saba na kumsahau mtoto. Kulia kabisa inaonekana sehemu ya mbele ya Landrova.

Familia imeisimulia picha hiyo kwa miaka mingi kama picha ya mwaka 1958, siku ya baraza la chifu, na mmoja wa wenye kanzu amekuwa akiitwa chifu. Maelezo hayo yanaonekana kukubaliana vizuri. Karatasi ya Velox ya Kodak, umbo la mraba na ukingo wa mawimbi vyote vilikuwapo miaka ya 1950. Landrova ilianza kutengenezwa mwaka 1948, hivyo nayo haipingi. Tatizo limo katika taa za gari. Katika Landrova za mwanzo taa za mbele zilikaa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Zilihamishiwa kwenye mabawa ya mbele, juu ya magurudumu, mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya 1968 na 1969. Katika picha yetu taa zimo kwenye mabawa. Picha hiyo basi haiwezi kuwa ya 1958.

Hapa kuna kanuni ambayo wengi huigeuza. Kitu kilichomo katika picha hutoa mwaka wa mapema kabisa unaowezekana; hakitoi mwaka wa mwisho. Karatasi ya zamani iliweza kukaa kwenye kabati la studio na kutumika baadaye, suti ya 1960 iliweza kuvaliwa mwaka 1975, na tembe iliweza kujengwa mwaka wowote. Kwa sababu hiyo, kati ya vitu vyote vilivyomo, kinachoamua ni kile kipya zaidi, hata kama ni kimoja tu na vilivyobaki vyote ni vya zamani. Taa mbili za gari zinashinda karatasi, ukingo na suti kwa pamoja.

Je, “58” ni nini? Tarakimu mbili nyuma ya picha huweza kuwa mwaka, lakini pia huweza kuwa namba ya picha katika daftari la mpiga picha, au bei, au namba ya mteja. Dalili ya kwanza ni mwandiko: je, tarakimu na maneno vimeandikwa kwa penseli ileile, kwa mgandamizo uleule, katika mstari uleule? Kwa lenzi ya kukuzia, katika mfano wetu, maneno “Mtinko, siku ya baraza” yana penseli laini na mwandiko wa kuinama, ilhali “58” imeandikwa kwa penseli ngumu na imesimama wima. Waliandika watu wawili. Dalili ya pili hutokana na picha nyingine za nyumba hiyohiyo: zikipatikana nyingine mbili zenye “57” na “61” nyuma, na zinaonyesha nguo zilezile na mtoto yuleyule katika umri uleule, basi hizo ni namba za mfuatano.

Mwaka 1958 ukianguka, chifu naye anaanguka. Serikali iliondoa mamlaka ya machifu kisheria mwaka 1963. Picha ya baada ya 1968 haiwezi kuonyesha baraza la chifu anayetawala. Mwenye kanzu aliweza kuwa chifu wa zamani, lakini hilo lahitaji ushahidi wake. Vitabu vya Wilaya vya enzi ya Waingereza, vilivyomo katika Nyaraka za Taifa, vina habari za watawala wa kienyeji, na jina linalodaiwa kuwa la chifu linaweza kulinganishwa nazo. Neno “baraza” lenyewe halikuisha na machifu. Liliendelea kutumika kwa mkutano wowote wa hadhara ulioitwa na serikali au chama.

Ukomo wa upande wa pili hupatikana kwa watu, na mara nyingi kwa mtoto. Mtoto wa mgongoni, ambaye leo ni mtu mzima, ana cheti cha ubatizo kinachosema alizaliwa mwaka 1972. Ikiwa ametambuliwa sawasawa, na akionekana wa mwaka mmoja na nusu hivi, picha ni ya 1973 au 1974. Tembe iliyo nyuma nayo inatoa ukomo: ndugu wote wanakubaliana kwamba ilibomolewa familia ilipohamia kijijini wakati wa Operesheni. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na katika miaka iliyofuata kaya nyingi za Singida ziliacha maboma yao yaliyotawanyika zikahamia vijiji vilivyopimwa. Baraza la siku hiyo, mbele ya Landrova ya serikali, huenda likawa ndilo lililowatangazia kuhama. Nasema huenda, na katika maelezo neno hilo lazima liandikwe vilevile, mpaka mtu aliyekuwapo aseme mwenyewe.

Picha iliyosimuliwa kama sherehe ya chifu inageuka kuwa pengine picha ya mwisho ya nyumba. Hilo linabadilisha hata kazi yake ndani ya familia, kwa sababu tembe ile ndiyo alama pekee ya mahali ambapo makaburi ya wazee yalipo, na katika migogoro ya ardhi picha yenye tarehe na mahali huweza kuulizwa. Wenye tarehe ya uongo hawatasaidiwa nayo.

Kuuliza

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, hakikisha picha haikuchapwa kinyume. Filamu ikiwekwa upande usio wake, kushoto huwa kulia, na orodha yote ya majina hupinduka. Maandishi yoyote yaliyomo, kama ya kwenye gari, mfuko wa unga au kanga, humaliza swali mara moja. Yasipokuwapo, tazama vifungo vya shati la kiume: vishikizo hukaa upande wa kulia wa aliyevaa na matundu upande wa kushoto. Usukani wa gari husaidia kidogo tu, kwa kuwa magari ya misheni na ya wafadhili wengine yalikuja na usukani wa kushoto.

Kisha mwuliza achore kwenye karatasi nyembamba ya kupitisha nuru mistari ya vichwa na mabega ya watu wote, na ndani ya kila kichwa aandike namba. Mchoro huo unaondoa ubishi wa “yule wa pili kutoka kule”. Kila mzee aulizwe peke yake, mgongo wa picha ukiwa umefunikwa. Wakikaa pamoja, wa kwanza kusema huwafunga wengine. Mdogo hatampinga kaka yake mbele ya mgeni, na shahidi watatu huwa kwa kweli shahidi mmoja. Mzee aanze na mtu anayemjua bila shaka, ndipo aende kwa wengine, na asihimizwe kujaza nafasi zote. Swali “huyu si ndiye baba mkubwa?” lina jibu ndani yake; swali zuri ni “huyu ni nani, na unamjulia wapi?”

Majina ya udugu yana shida ya pekee. Katika picha yetu mwanamke wa pembeni anatajwa na mmoja kuwa shangazi, na mwingine kuwa mama mkubwa, na wa tatu kuwa bibi. Wote watatu wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu kila mmoja anasema kutoka mahali pake katika ukoo. “Bibi” nyuma ya picha ina maana kwa aliyeandika tu. Kwa mjukuu wa mjukuu haina mtu. “Baba” nayo huwahusu ndugu wa kiume wa baba, na mgeni anaweza kuandika kwamba mtu ana baba wanne. Kwa hiyo neno la udugu liandikwe daima pamoja na mtu wa kulihesabia: mama wa nani, binti wa nani, mke wa nani. Yaandikwe pia majina yote ambayo mtu aliitwa, yaani jina la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na lile la mtoto, kwa maana mwanamke aliyejulikana kijijini kote kama Mama Fulani huenda katika daftari la kanisa yuko kwa jina ambalo wanawe hawakulisikia kamwe.

Kwa tarehe, mzee asiulizwe mwaka. Aulizwe kilichotangulia na kilichofuata: ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake, kabla ya Operesheni, kabla ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979? Upande wa Manyoni wapo ambao wamerithi hesabu ya wakati kutoka njaa kuu iitwayo Mtunya, ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza kufika nchi hiyo, kati ya 1917 na 1920. Reli ya kwanza kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri, iliyojengwa miaka ya 1930 na kung'olewa miaka ya 1940, nayo hutenganisha vizazi vya kumbukumbu. Mwandishi aandike tukio lililotajwa kama lilivyotajwa, na mwaka aliokokotoa yeye auweke kando, ili anayekuja aweze kukokotoa upya.

Kuandika

Maelezo yenyewe yawe mafupi, na yatenganishe kinachoonekana na kinachosimuliwa. Kwa picha yetu yanaweza kusomeka hivi, majina yakiwa yamewekewa herufi:

“Na. 14. Mtinko, Singida, mbele ya tembe ya ukoo wa A (ilibomolewa wakati wa Operesheni). Kati ya 1972 na 1975. Kushoto kwenda kulia kwa mtazamaji: 1 B, mwana wa C, 2 hajatambuliwa, 3 D, mke wa B, 4 E, dada wa B, 5 F, amembeba G mgongoni, 6 H, mke wa C, 7 hajatambuliwa, amevaa kanzu, familia ilimwita chifu. Nyuma: ‘Mtinko, siku ya baraza’ na ‘58’, miandiko miwili. Mwaka umekadiriwa kwa taa za gari na kuzaliwa kwa G. Waliotambua: D na F, kila mmoja peke yake. Ameandika: (jina), (tarehe).”

Simulizi refu, yaani habari za siku ile, za nyumba na za kila mtu, liwekwe katika daftari lenye namba hiyohiyo, kwa maneno ya msimulizi. Wasimulizi wakitofautiana, simulizi zote mbili ziandikwe na jina la kila mmoja. Mambo ambayo watu hawapendi yasambae, kama mtoto wa nje ya ndoa au sababu ya kifo, yana nafasi katika daftari lililofungwa ikiwa mwenyewe au wanawe wamekubali, lakini hayana nafasi nyuma ya picha itakayopita mikono mingi. Jina la mahali liandikwe la zamani na la sasa. Hili ni muhimu kwa mkoa ulioanzishwa mwaka 1963, ambao wilaya zake za Ikungi na Mkalama ni za mwaka 2012. Picha ya 1960 iliyoandikwa “Wilaya ya Ikungi” ina maelezo ya baada ya 2012, jambo lisilo kosa iwapo tarehe ya kuandika imewekwa.

Kuhusu kalamu, picha za karatasi ya kawaida ziandikwe kwa penseli laini, ukingoni, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu iliyo safi, bila kugandamiza. Kalamu ya wino huacha mfereji unaoonekana usoni mwa mtu, na wino wake huvuja unyevunyevu ukiingia. Picha nyingi za rangi tangu miaka ya 1970 zina karatasi iliyopakwa plastiki ambayo penseli haishiki. Hizo zisilazimishwe, bali maelezo yaandikwe juu ya bahasha ya karatasi kabla picha haijaingizwa. Gundi na utepe wa kunata visiguse picha kabisa. Albamu zenye kurasa za kunata ndizo zimeharibu picha nyingi, kwani gundi yake hugeuka ya manjano na kushika mgongo, na anayeibandua hupasua yale maandishi tuliyoyatafuta. Ikiwa picha imeshika, ipigwe picha ilipo na iachwe.

Maandishi ya zamani yasifutwe wala yasisahihishwe juu kwa juu, hata yakiwa ya uongo. Chini yake iongezwe sentensi mpya yenye tarehe na jina la aliyesahihisha. Nakala ya simu ichukuliwe pande zote mbili, na mafaili yapewe majina yanayofungamana, kwa mfano `mtinko_014_mbele.jpg` na `mtinko_014_nyuma.jpg`. Lakini picha ikitumwa kwa Watsapu jina la faili hubadilika na maelezo yaliyofichwa ndani yake huondolewa. Kinachofika kwa shangazi aliyeko Dodoma ni sura tupu tena. Dawa yake ni ya kizamani: nakala ya kutumwa iongezwe ukanda mweupe chini, na majina yaandikwe juu ya ukanda huo, yawe sehemu ya picha yenyewe.

Namba 2 na namba 7 zibaki wazi. Mahali pa kuwatafuta panajulikana: picha za nyumba za jirani waliohamishwa siku moja, daftari la ubatizo la usharika, na wazee wa kijiji kipya ambao katika mwaka ule walikuwa vijana wa kutosha kusimama nyuma ya Landrova wakisikiliza.